Mgonjwa Anayekataa

Mimi ni mtu wa kushukuru kwa shida. Marehemu mke wangu Nesta alikuwa akisema ukinipa mkate wa moto nitakuuliza kwa nini umechelewa. Basi wanaonijua hapa Llanelli, mji wetu wa Wales, watashangaa nikisema kwamba namshukuru mjukuu wangu Heledd, na namshukuru kwa jambo moja hasa: alinikubalia nife.

Ngoja nieleze, usije ukamfikiria vibaya.

Heledd alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka udaktari. Mwaka uliotangulia aliomba vyuo vinne. Viwili havikumwita kabisa, viwili vilimwita kwenye usaili vikamkataa. Alama za mtihani wa shule alikuwa nazo, nzuri za kumgawia na jirani. Kilichomwangusha ni usaili. Akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akawa anawaogesha na kuwalisha, akaomba tena, na safari hii ni chuo kimoja tu kilichomwita. Siku habari ilipoingia kwenye simu yake alikuwa amekaa jikoni kwangu.

"Babu, nikikosa hapa basi," alisema. "Sirudii tena. Nitasoma kitu kingine, na asije mtu akanionea huruma."

Nilimjua. Akisema basi ni basi. Kichwa kigumu hakutoa mbali.

Usaili wao siku hizi si wa kukaa mbele ya wazee watatu wenye tai. Ni vituo. Milango imepangwa kwenye korido, kila mlango umebandikwa karatasi. Kengele inalia, unasoma karatasi. Kengele inalia, unaingia. Ndani kuna mtu mmoja mwenye fomu ya alama, hajui umefanya nini mlango uliopita, wala hataki kujua. Dakika zako zikiisha kengele inakutoa, unaenda mlango unaofuata. Hapa unaulizwa ungefanya nini mwenzako akija kazini ananuka pombe. Pale kuna figo moja na wagonjwa wawili. Na mahali fulani unamkuta mwigizaji amekaa kwenye kiti, anajifanya mgonjwa, na anakataa matibabu.

"Huyo wa kukataa ndiye aliyeniangusha mwaka jana," Heledd aliniambia. "Nilimwona kwenye uso yule mwenye fomu. Hakuandika kitu."

Basi nyumba yangu ikageuzwa chuo. Jikoni kituo, sebuleni kituo, chini ya ngazi kituo. Msimamizi alikuwa binti yangu Mererid, mama yake Heledd, ambaye ni karani wa halmashauri na amezaliwa kupanga watu. Alishika saa ya jiko kama refa anavyoshika filimbi. Mimi nikapewa kazi ya mgonjwa anayekataa.

"Wewe hata huhitaji kuigiza, Dadi," Mererid alisema.

Hilo lilikuwa dongo, na lilinipata. Tangu Septemba madaktari walikuwa wamenieleza kwamba mlango mmoja wa moyo wangu umekakamaa, haufunguki sawasawa, ndiyo sababu nilianguka pale dukani na ndiyo sababu napanda ngazi kwa awamu. Walitaka kuniwekea mlango mpya kwa mrija mwembamba unaopitia kwenye mshipa wa paja. Hawapasui kifua. Bila hivyo, mwaka, labda miwili. Nikasema ahsanteni, hapana. Daktari akaniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Akanipa namba ya simu ya nesi na kuniambia mlango uko wazi nikibadili mawazo, nikarudi nyumbani kula chakula changu. Toka siku hiyo Mererid alinipigia kelele asubuhi, akaninunia mchana, na usiku akaniletea supu ya kondoo, maana hata akikasirika hawezi kuniacha na njaa.

Nirudi kwenye mazoezi. Mwanzoni Heledd aliingia jikoni amenyooka, akaketi, akaanza kuniporomoshea nguzo zake nne za maadili ya udaktari.

"Kwanza kuna uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Pili kumtendea mema. Tatu kutomdhuru. Nne haki kwa wote..."

"We mtoto," nikamwambia, "mimi ni mgonjwa au ubao wa darasani?"

"Babu, usitoke kwenye nafasi yako."

"Nafasi yangu nimekataa dawa na nina kiu. Hukunipa hata salamu."

Mererid akabonyeza saa kwa hasira. Tukaanza upya.

Akajirekebisha. Akajifunza kusalimu, kujitaja jina, kuniuliza napendelea kuitwa nani. Lakini akaingia ugonjwa mwingine: alitaka kushinda. Nikikataa damu, anabembeleza. Nikikataa kulazwa, ananitisha. Nikitaka kutoroka wodini, ananikumbusha wajukuu. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu mwepesi kwake. Ikikaribia kengele, na keki za zabibu za Mererid zinanukia kwenye bamba la chuma jikoni, nilikuwa nalegea. "Haya basi, nitieni hiyo damu." Anatoka mlangoni anacheka na mama yake wanapigana viganja. Nilidhani namsaidia. Kumbe namlea vibaya, namfundisha kwamba mgonjwa mzuri ni yule anayekubali kabla ya kengele.

Ikafika Jumamosi moja ya Desemba, mvua imekaza. Mererid ndiye aliyeandika karatasi za siku ile na kuzibandika. Nilikuwa jikoni kwenye kiti changu. Nilimsikia Heledd nje ya mlango akisoma kwa kunong'ona, kisha akaacha. Saa ikalia. Hakuingia. Ikabidi mama yake amwambie, "Muda unaenda."

Aliingia na ile karatasi mkononi, uso umemwiva. Akaniwekea mezani bila neno. Imeandikwa kwa mwandiko wa binti yangu: mzee wa miaka sabini na minane, mlango wa moyo umekakamaa, anakataa kuwekewa mwingine. Zungumza naye.

Nilijua nimetegwa kwenye nyumba yangu mwenyewe, na mtego umewekwa kwa kutumia ndoto ya mtoto.

"Heledd," nikasema, "toka uingie tena na karatasi nyingine."

Hakutoka. Naona alikuwa amebeba hilo jambo miezi mitatu bila kulisema. Likamtoka lote. "Babu, utakufa. Unajua utakufa? Nikimaliza chuo, nani atakuja kunipigia makofi? Umekaa hapo unakataa matibabu ya uongo, na ya kweli unakataa hivyo hivyo. Hutupendi?"

Niliinuka. Sikupaza sauti, pumzi ya kupaza sauti sikuwa nayo. Nikamwambia Mererid, aliyesimama mlangoni na saa yake, kwamba mchezo umekwisha. Nikavaa koti, nikaenda bandani nyuma ya nyumba, nikafunga.

Hilo banda ni langu. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na sasa natengeneza viti vya watu vilivyovunjika, maana mikono haijui kukaa. Siku hiyo sikutengeneza chochote. Nilikaa juu ya ndoo nikasikiliza mvua ikipiga paa, nikawachukia wote wawili kwa muda, kisha nikabaki nimechoka tu.

Mlango ukagongwa. Taratibu, mara mbili.

"Ni nani?"

"Naitwa Heledd. Mimi ni mwanafunzi, bado si daktari. Ningeomba kuongea na wewe kama uko tayari. Kama hauko tayari, nitaondoka."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini aliposema nitaondoka, nilisikia kwamba kweli angeondoka. Nikafungua.

Aliingia, akatafuta mahali, akakaa juu ya mbao, chini kuliko mimi. Hakuwa na saa wala karatasi. Nywele zinachuruzika maji.

"Samahani kwa yale ya jikoni," alisema. "Nilikulaumu kwa sababu naogopa. Woga ni wangu, haukupaswa kuubeba wewe."

"Endelea."

"Ningependa kuelewa. Hebu niambie kwa maneno yako, madaktari walikuambia nini, na usipofanyiwa itakuwaje?"

Nikamweleza. Mlango, mrija, paja. Mwaka au miwili, na haitakuwa miaka ya kucheza mpira. Nikamwambia nilielewa mara ya kwanza, mimi si mjinga.

"Sijasema mjinga," alisema. "Na kwa nini hutaki?"

Sasa sikiliza. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Daktari bingwa, daktari wa mtaani, binti yangu, mchungaji wa kanisani, jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Wote walikuwa wamenieleza kwa nini nikubali. Hakuna aliyeuliza kwa nini nakataa. Lile swali la daktari la kama nina swali, nalo nililijibu upesi nitoke.

Nikamwambia habari za kaka yangu Emlyn. Heledd alikuwa mdogo mno kumkumbuka. Emlyn alikuwa msemaji wa ukoo, mtu wa kuchekesha msibani. Akafanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo, na pale pale mezani akapata kiharusi. Akaishi miaka minne bila neno. Alikuelewa, unaona machoni anakuelewa, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Mererid ndiye aliyemlisha kwa kijiko, kila jioni akitoka kazini, hadi siku alipokufa. Na kwenye karatasi ya maelezo niliyopewa hospitali, chini ya hatari, kulikuwa na neno kiharusi.

"Kufa sikuogopi," nikamwambia. "Naogopa kubaki vile. Na kumrudisha mama yako kwenye kijiko."

Nilisubiri. Mwenzio nilikuwa nimekunja ngumi, nimejiandaa kwa kila hoja. Angesema hatari ni ndogo, ningemjibu Emlyn naye aliambiwa ndogo. Angesema Mererid hajali kulisha, ningemjibu mimi najali.

Hakusema hata moja.  Alikuwa analia kidogo, lakini hakunipa machozi yake niyashike. Mwishowe akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Hiyo ni sababu. Naielewa."

"Na?"

"Na uamuzi ni wako, Babu. Una akili timamu, unajua unachokikataa. Ukikataa, nitakuwa na wewe vilevile. Nitakuja Jumamosi vilevile."

"Hunibembelezi?"

"Hapana."

Ngumi zangu zikakosa wa kumpiga. Sijui kama umewahi kusukuma mlango kwa bega kumbe uko wazi. Nilikaa kwenye ndoo yangu, na kwa mara ya kwanza toka Septemba nikaweza kulitazama lile jambo lenyewe, kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kushindana naye. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Wangapi wanapata kiharusi kwa huo mrija?"

"Sijui kwa moyo wako," alisema. "Sitaki kukubunia. Nesi uliyepewa namba yake atajua, na atajua wanakinga vipi."

"Na nikipata? Nikawa kama Emlyn?"

Hili alilijua. "Sheria inakuruhusu kuandika sasa, ukiwa mzima, matibabu gani hutaki baadaye ukishindwa kusema. Iwe imesainiwa na shahidi yupo, na iseme wazi ni hata kama uhai uko hatarini. Daktari lazima aifuate. Sikuambii ili ukubali. Umeuliza."

"Kuuliza si ujinga," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

Tukarudi ndani. Mererid alikuwa anazunguka meza. "Enhe? Amekubali?"

"Hapana," Heledd alisema.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni uamuzi wake."

Mererid akaacha kuzunguka. Kisha binti yangu akasema kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni mbaya kuliko kubwa, "Umemruhusu baba yangu afe, ndiyo udaktari unaoutaka huo?"

"Mama, hakuhitaji ruhusa yangu. Wala hahitaji yako."

"Kwa nini anakataa? Sema."

Mtoto alinitazama. Angeweza kusema, na mama yake angemwacha. "Muulize mwenyewe," alisema. "Aliniambia mimi. Kukuambia wewe ni juu yake."

Akachukua koti akaondoka kwa miguu kwenye mvua. Tukabaki wawili na keki zimeungua upande mmoja. Mererid akaketi, akaniuliza, bila kelele, kama alivyokuwa akiniuliza mambo alipokuwa msichana. "Dadi, kwa nini?" Nikamwambia. Akanishika mkono, akasema, "Kile kijiko sikukichukia hata siku moja. Lakini ungeniuliza." Tukazila zile keki upande uliopona.

Jumatatu nilipiga simu. Nesi alinieleza kwa utulivu: kwa mtu kama mimi, kati ya mia, wawili hivi wanapata kiharusi, na si wote wanaobaki vile. Nikauliza maswali hadi nikamwonea huruma. Nikaandika karatasi yangu, jirani wa kushoto akashuhudia, daktari wa mtaani akaiweka kwenye faili. Kisha, nikiwa nimejipa haki ya kukataa, nikasema haya, niwekeeni hicho kidude. Nikapangiwa Machi.

Januari tukampeleka Heledd kwenye usaili. Mimi na Mererid tulikaa mkahawani ng'ambo ya barabara, tukanywa chai hadi mhudumu akatuzoea. Alitoka na rangi imemtoka usoni.

"Mgonjwa wa kukataa alikuwepo?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Siwezi kusema, Babu. Nimesaini kutosema."

"Hata mimi mwalimu wako?"

"Hata wewe." Alizungusha kikombe. Kisha akasema, "Kuna mlango mmoja tulimaliza mapema tukakaa kimya. Sikumalizia na kitu chochote kizuri. Naona nimekosa."

Mererid akafungua mdomo kumfariji, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tukanyamaza naye. Baadaye akala chipsi zangu zote, nikajua ataishi.

Februari ikapita bila jibu. Alienda kazini akarudi, hakuligusia. Mimi nilikuwa naomba kanisani kwa mara ya kwanza toka mazishi ya Nesta, na sikuwa naombea moyo wangu.

Siku yangu ilipofika, walinifanyia nikiwa macho, wamenitia ganzi pajani tu. Niliongea mwanzo hadi mwisho. Niliwaeleza habari za mabati, za viti, za timu yetu inavyotuaibisha. Nesi akasema huwa wanapenda mgonjwa anayeongea, wanajua ubongo uko salama. Nikamwambia basi leo umepata sikukuu. Walipomaliza niliwatajia jina langu, Idwal, na la baba yangu, na la kaka yangu Emlyn, ili tu niyasikie yakitoka.

Asubuhi yake nilikuwa nimeegemea mito, Mererid pembeni anasukuma chai mbele yangu. Heledd akaingia na simu mkononi. Hakusalimu. Alisimama miguuni pa kitanda akasoma: tunayo furaha kukupa nafasi ya kusoma udaktari, kuanzia Septemba.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema nakushukuru. Nilitaka kusema uliniacha nikatae ndiyo maana niko hapa nakutazama. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Mdomo wazi, hakuna hata mnong'ono.

Mererid alikuwa amewahi kuuona mdomo ule kwa Emlyn. Kikombe kikamponyoka. Akabonyeza kengele ya ukutani, akaibonyeza tena, nesi akaja mbio, wa pili nyuma yake. "Tabasamu, Idwal. Inua mikono yote miwili. Ishike juu. Sema chochote."

Nikatabasamu. Nikainua mikono yote miwili, ikakaa juu sawasawa. Machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni na chai ya Mererid inanilowesha miguu. Heledd hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuja akainama chini, chini kuliko uso wangu, kama kule bandani.

"Babu," aliniuliza, "kwa nini husemi?"

"Nalia," nikasema. "Niacheni nilie."